Nambari ya Overloki

"Sema tu roho inakuuma," Adero alimwambia Zulaika, simu mkononi, pale kibarazani ambapo wapangaji wote tulisikia. "Unataka uwe na overloki peke yako kibarazani hapa Kyebando."

"Roho iniume kwa picha?" Zulaika akajibu, mguu bado kwenye pedali.

Hawa wawili wanashona mlango kwa mlango. Tangu Zulaika alete ile mashine ya kufunga pindo kutoka soko la Kikuubo, wateja wa sare za shule walimpita Adero kana kwamba kibanda chake kimefungwa. Sasa Adero amepata muuzaji kwenye WhatsApp: modeli ileile, mpya, bei ya kutamanisha. Alikuwa tayari kutuma akiba yake yote mchana ule. Ushahidi wake ulikuwa picha ya kibati chenye nambari ya mashine.

Zulaika akamvuta aje aone kibati chake: herufi mbili, kisha tarakimu nane. Filda, fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye modeli hiyohiyo, akapigiwa simu, akasoma yake: mpangilio uleule. Kitabu cha maelekezo nacho kilionyesha hivyo. Ya kwenye picha ya Adero ilikuwa tarakimu kumi tupu.

Adero alidai viwanda hubadilisha nambari, lakini akamwuliza muuzaji. Jamaa akaomba radhi, eti alichanganya picha, akatuma nyingine. Herufi mbili, tarakimu nane. Adero akaizungusha simu sote tuone, akasema leo kuna mtu atashindwa kumeza chakula kwa wivu. Kidole chake kilikuwa kishafungua mobile money.

Zulaika aliisoma, akainama kusoma kibati cha mashine yake.

"Hiyo nambari ni yangu, dada."

Ilikuwa yake, kuanzia herufi ya kwanza hadi tarakimu ya mwisho. Hata mkwaruzo wa kibati ulikuwa uleule. Alikuwa ameiweka picha yake kwenye status ya WhatsApp siku mashine ilipofika, na watu wakaisambaza.

"Niliiweka wewe uione," alisema. "Ikuume."

"Iliniuma," Adero akakiri. "Kumbe nambari ni ya kweli, na mashine hana."

"Mpangilio ukikataa, una sababu ya kuuliza. Ukikubali, bado hujui mashine iko kwa nani. Mwambie aandike jina lako kwenye karatasi, aiweke kando ya kibati, apige picha sasa hivi."

Adero akaandika. Alama za buluu zikatokea, kuonyesha jamaa amesoma. Tukangoja, na badala ya picha, picha ya uso wa muuzaji ikatoweka kwenye simu. Alikuwa amemzuia asimtumie tena ujumbe.

Adero alifunga mobile money taratibu. Akasema hata sasa anaitamani mashine ya jirani, na mlio wake unamkera kama mbu. Zulaika akasema naye kila akiona wanaume wanampelekea Adero suti zao, hutamani kuzichoma kwa pasi. Tulicheka, wao wakachelewa kidogo kucheka.

"Basi ingia," Zulaika akasema, akipisha mlangoni. "Mikate ya gurusa inapoa, na mchuzi ni mwingi."