Matuta ya Begani

Mama Nosakhele hakuwa mtu wa kulalamika. Miaka kumi na tisa alikuwa akiving'arisha vyuma vya karakana ile ya mjini Kariega, na walichompa alisugua. Kwa hiyo asubuhi ile alipoliweka jiwe lake la kusugulia mezani na kukunja mikono, Zukiswa alijua kuna jambo.

"Sis' Zuki, bega hili sisugui. Lipapase mwenyewe."

Zukiswa akapitisha ukucha. Kilikuwa kipande cha kalibu ya kutengenezea taa ya nyuma ya gari: juu bapa, katikati kibonde, na pembeni bega lililopinda kwa nje. Pale begani ukucha ulikwaruza. Mistari ilihesabika kwa kidole.

Kisu cha mtambo chenye ncha ya duara hakiachi chuma kikiwa laini hata siku moja. Kila kinapopita kinachonga mfereji, na kati ya mfereji na mfereji linabaki tuta, kama shamba la viazi. Ukikisogeza kisu kidogo kidogo matuta yanakuwa madogo na kazi inachukua siku. Ukikisogeza sana kazi inakwisha upesi, na anayeumia ni mng'arishaji. Mteja alikuwa ameruhusu tuta la mikroni kumi, sehemu moja ya mia ya milimita. Matuta yakizidi hapo, Mama Nosakhele atasugua mpaka bega lipoteze umbo, na taa iingize maji.

Kusema kisu kisogee kwa hatua ya kiasi gani ilikuwa kazi ya Zukiswa, mpangaji wa njia za kisu. Alikuwa ameandika pointi sita tatu ya milimita. Mwendeshaji wa mtambo alikuwa Mkhuseli.

Basi hapo ndipo moyo wake ulipokimbilia, na wala haukuhitaji kusukumwa. Miezi miwili nyuma Mkhuseli alikuwa ameibadilisha tarakimu yake bila kumuuliza mtu. Mtambo ulichukua saa nne zaidi, lori la mteja likangoja uani, na Zukiswa akamwandikia barua ya onyo. Lilikuwa onyo la mwisho. Tangu siku hiyo Mkhuseli alimsalimia vizuri mno, na salamu nzuri mno humtia mtu wasiwasi.

Akakikokota kipimo cha sindano mpaka begani. Mikroni ishirini, mara mbili kamili. Akaenda mezani kwake akapiga hesabu: kisu cha milimita kumi, kutoa matuta ya ishirini, hatua yake ni pointi tisa. Ahaa. "Walinilaumu kwa saa nilizozidisha, sasa nawarudishia saa zao." Alimsikia kabisa Mkhuseli akisema hivyo, ingawa Mkhuseli hakuwa amesema neno.

Akafungua kumbukumbu za mtambo. Hakuna badiliko lililoandikwa. "Zinafutika," akajiambia, na wala hakujua kama kweli zinafutika.

Oom Sarel, msimamizi, alikuwa ameshaleta fomu ya nidhamu yenye jina la Mkhuseli. "Kabla ya king'ora cha saa sita," alisema. "Kama kagusa tarakimu tena, weka saini, aende zake. Ana watoto, najua. Hata mimi ninao."

Zukiswa hakutaka kusaini kwa kuhisi tu. Alitaka kumshika na ushahidi mkononi. Akarudi na sindano akapima sehemu nyingine. Juu, pale bapa, mikroni kumi, kama alivyoagiza. Kwenye kibonde, saba na nusu. Hapo akasimama. Mwizi gani huyu anayetoa zaidi ya alichoagizwa? Akalipata jibu upesi, maana mtu akishashuku majibu hayamwishii: kapunguza hatua kibondeni, mahali panapoonekana, ili afiche alichokifanya begani. Akamchukia zaidi.

Mkhuseli alikuwa akifuta mafuta kwenye meza ya mtambo, hatua chache kutoka hapo. "Unatafuta kitu, Sis' Zuki?"

"Kazi yangu, Bhut' Khuseli."

"Ukiipata uniite niione."

Zukiswa akakigeukia kipande. Akachukua lenzi. Kumbukumbu hufutika, lakini chuma hakifutiki. Bega lilikuwa robo ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita tano. Kulizunguka ni milimita nane kasoro kidogo. Kama Mkhuseli aliweka pointi tisa, matuta hayatafika tisa. Kama aliiacha pointi sita tatu, yatakuwa kumi na mawili.

Akahesabu kwa ncha ya sindano ya kushonea aliyoazima kwa Mama Nosakhele. Moja, mbili, tatu. Kwenye nane alianza kutabasamu. Tisa ikaja. Kumi ikaja. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Akahesabu tena, kutoka upande wa pili. Kumi na mawili.

"Mbona umepauka?" Mama Nosakhele akauliza. "Kisukari?"

Zukiswa akageukia meza yake. Alikuwa akiikodolea macho karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta yake, jedwali alilolirithi kwa mpangaji aliyemtangulia: kisu hiki, tuta hili, hatua hii. Miaka mitatu alikuwa akilisoma na hakuwahi kuuliza lilitungwa kwa ajili ya chuma cha namna gani. Kwa chuma bapa. Begani, chuma kinaikimbia ncha ya kisu huku na huku, na tuta linapata nafasi ya kusimama. Kibondeni chuma kinaikumbatia ncha, na tuta linazama. Hakuna aliyeficha kitu.

Akaandika. Nusu kipenyo cha kisu, tano. Nusu kipenyo cha bega, tano. Zidisha, gawa kwa jumla yao: mbili na nusu. Yaani pale begani kisu chake kilifanya kazi kama kisu cha nusu ya ukubwa wake. Hatua iliyotakiwa ilikuwa pointi nne tano, ukikadiria. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Akamwendea Mkhuseli. "Matuta ya begani ni makosa yangu. Nilipiga hesabu ya chuma bapa. Ulitakiwa upewe pointi nne tano."

Mkhuseli akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi. "Ndiyo niliyoiweka mara ile."

"Mara ile ipi?"

"Ya barua. Bega lilikuwa kama hili. Ulinipigia hesabu ya saa nne. Hukuniuliza kwa nini."

Ilikuwa kweli. Hakumuuliza. "Na leo? Uliyaona matuta?"

"Niliyapapasa kabla kisu hakijafika nusu."

"Ukanyamaza?"

"Barua yako inasema mwendeshaji aendeshe. Nikaendesha." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Zukiswa.

Akaichukua ile fomu, akalikata jina la Mkhuseli, akaandika lake, akampelekea Oom Sarel. Akamwambia pia kwamba ile barua ya onyo itolewe kwenye faili. Oom Sarel akasema kesho watazungumza, mlango ukiwa umefungwa.

Bega lilikuwa bado linaokoleka: matuta yamesimama juu ya umbo, kwa hiyo kisu kingeweza kupita tena palepale kwa hatua ndogo na kuyashusha. Zukiswa akarudi mtamboni.

"Pitisha tena begani, Bhuti. Pointi nne tano."

Mkhuseli hakugusa kitufe. Akampa kalamu na kipande cha karatasi. "Andika. Weka tarehe na saini."

"Si nimeshakuambia kwa mdomo?"

"Andika, Sis' Zuki."

Akaandika. Mkhuseli akaisoma mara mbili, taratibu, kisha akaigeuza aangalie kama nyuma kuna kitu.