Saa ya Kongo

Asubuhi ile, kwao Kolwezi, Ruffin aliomba anyolewe ndevu. Mapafu yalikuwa yamemmaliza. Hata kumeza maji ilikuwa kazi. Lakini rafiki yake Owen angempigia kwa video kutoka Perth, Australia, na hakutaka kuonekana kama maiti. Miaka sita alikuwa dereva wa Owen kwenye mgodi wa Fungurume, na tangu mzungu yule arudi kwao hawakuwa wameonana uso kwa uso.

Adèle, dada yake, ndiye aliyejua Kiingereza cha shule. Ndiye aliyemwandikia Owen kwenye WhatsApp: "Thursday, 10 o'clock, Congo time." Owen akajibu neno moja, "Perfect." Adèle akaona mambo yamekwisha kupangwa.

Ndani ya nyumba mtandao ulikuwa hafifu, kwa hiyo wakamtoa Ruffin na godoro lake hadi barazani. Saa nne ikafika. Simu ikanyamaza.

"Ataita," Ruffin alisema. "Ule hasahau."

Adèle akapiga. Haikupokelewa. Akaandika kwamba wanangoja. Ujumbe ukabaki bila kusomwa. Ruffin aliacha kuongea ili asiimalize pumzi aliyoiweka kwa ajili ya Owen. Kisha kikohozi kikamshika na hakikumwachia. Walipomrudisha ndani alikuwa hajui tena nani amemshika mkono. Akakata roho kabla ya saa tano.

Saa tano kamili simu ikalia. Owen alikuwa ndani ya gari, bado na nguo za mgodini, anacheka. "Where is my driver?"

Adèle alimwambia. Owen akasema kwamba simu yake ilikuwa kwenye kabati la wafanyakazi, na kwamba hajachelewa: alikuwa ameuliza mtandaoni saa ya Kongo, akapewa ya Kinshasa. Kinshasa ilikuwa saa nne.

Adèle alijua tangu utotoni kwamba Kinshasa iko nyuma yao kwa saa moja. Haikumpitia akilini kwamba mtu wa mbali angeona Kongo moja tu.

"Was he angry?" Owen aliuliza.

"No. He waited."

Jioni, watu wa matanga wakiwa wamejaa uani, Adèle alimwandikia tena, safari hii polepole: "Burial: Saturday 12 July. 2 p.m. in Kolwezi, 8 p.m. in Perth. I will call you on WhatsApp from the cemetery. Please write the time back to me." Hakutaka "perfect", alitaka Owen amrudishie saa zenyewe.

Owen akazirudisha zote mbili, ya Kolwezi na ya Perth, pamoja na siku.

Jumamosi saa nane mchana Owen alipokea mara moja. Adèle akaielekeza simu kaburini. Vumbi jekundu lilipeperuka kwenye kioo, naye akawa analifuta kwa kitenge ili Owen aone. Mama yao, Ernestine, akamgusa bega.

"Ule mwanaume anasema nini?"

"Hasemi kitu, mama. Analia."

"Basi mushikilie simu vizuri," mama alisema, na majembe yakaanza.