Qayroq Lisilonoa Kisu

Jumanne tulitoka kwa hashar, ile kazi ya mtaa mzima isiyo na ujira, tukasafishe mfereji unaopita chini ya makaburi. Kila nyumba ilitoa jembe moja na mkate wake. Mume wangu, Mungu amrehemu, amelala pale juu katika safu ya mwisho, kando ya kilima kidogo chenye miiba. Kesho yake, Jumatano, katapila lilikuwa linakuja kukata kilima hicho ili mfereji mpya upite, na safu ya mwisho ingehamishwa. Kwenye ramani ya wilaya kilima kimeandikwa ardhi tupu. Ni mwaka wa nne tangu nimzike Yo'ldosh, na sikuwa na nguvu ya kumzika mara ya pili.

Jembe la shemeji yangu Tojiboy ndilo lililogonga jiwe, ubavuni mwa kilima. Lilikuwa jiwe la mtoni, laini kama unga uliokandwa, limesimama wima udongoni. Aliposugua kwa kiganja, maandishi yakatokea.

"Sharofat opa, njoo," akaniita; opa kwetu ni dada mkubwa. "Wewe ndiye unayesoma Qur'ani."

Kusoma herufi nilifundishwa na mama yangu. Maana sijui sana. Na herufi hizi zilikuwa za pembepembe, zimevaa nguo ngeni. Lakini nikapiga hesabu. Kama jiwe ni la kale na ni la kaburi, kilima si ardhi tupu tena.

Jirani yangu Mastura ana mpwa wake anayesoma Toshkent. Ndiye aliyetupa namba ya Domla Humoyra, mwalimu anayesoma mawe ya zamani. Domla alikuwa mbali, hawezi kufika kabla ya Ijumaa. Tulipomweleza habari ya katapila, akaandika kwenye simu ya Tojiboy: *Nipigieni picha za qayroq pande zote, na futi kando yake. Msiling'oe. Nikiridhika, barua itafika wilayani kabla ya katapila.*

Tojiboy akaondoka mbio. Baada ya nusu saa akarudi amejaa fahari. "Nimetuma picha sita. Juu, chini, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Hata kitambaa cheupe nimetandika."

"Umepiga wapi?" nikamwuliza. "Mimi sijaondoka hapa kwenye jiwe."

"Jikoni kwako."

Sasa, kwetu qayroq ni jiwe la kunolea kisu. Tojiboy alidhani domla anataka kulinganisha aina za mawe ya kijijini, basi akampelekea jiwe langu la kunolea, limepimwa vizuri, sentimita kumi na nane kwa tano, na kovu la kisu cha marehemu katikati.

Simu ikaita. Sauti ya domla ilikuwa ya mwanamke mwenye subira. "Aka, kaka yangu, hili linafaa kwa kisu cha vitunguu. Wataalamu tunaita qayroq yale mawe ya mtoni yenye maandishi. Lile la kwenye mfereji."

Mastura alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji yako angeweza kulitafutia jiwe la kunolea mchumba, opa. Ametandika hadi kitambaa."

"Cheka tu," Tojiboy akasema. "Lakini picha zimetoka safi."

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu, na kosa lililofuata ni langu pia. Maandishi hayakuonekana kwenye simu. Jua la mchana lilikuwa juu kabisa na jiwe lote likawa jeupe. Katika mstari wa kwanza niliona herufi kaf, kisha lam. Kull, yaani kila. Nikasema moyoni, ni ile aya, kila nafsi itaonja mauti. Nikachukua unga kwenye kanga ya mkate, nikajaza herufi kwa kidole, na palipofutika nikajazia kwa ninavyoijua aya. Nikapima kwa futi yangu ya kushonea. Tukatuma.

Domla hakukawia. "Nani ametia unga?"

"Mimi, domla."

"Opa, hapa ninasoma kidole chako. Mchongaji simwoni." Hakusema kwa ukali, ndiyo maana nikaumia zaidi. "Na kama kweli ni aya peke yake, sitaweza kuwasaidia. Jiwe la aya laweza kuwa limeanguka kutoka ukutani popote, likabebwa na maji. Nahitaji jiwe liseme lenyewe kuwa ni la kaburi. Futa unga kwa brashi laini, kavu. Maji hapana. Na hiyo futi ya nguo ina umri gani?"

"Niliolewa nayo."

"Basi imevutika. Tafuteni ya chuma."

Nikafuta unga kwa brashi ya kupakia yai kwenye mikate, nikiomba msamaha mara mbili: kwa jiwe, na kwa riziki niliyoimwaga chini.

Domla akatufundisha kwa simu, neno kwa neno. Futi ilazwe usawa wa uso wenye maandishi, isiwe mbele wala nyuma yake, la sivyo kipimo kitadanganya. Mpiga picha arudi hatua tatu, avute picha kwa simu, asimame sawasawa mbele ya jiwe asilipinde. Picha moja ya mbali ionyeshe jiwe, kilima na makaburi pamoja, na kijiti kikielekeza kaskazini. Na mwanga utoke ubavuni, ukwaruze uso wa jiwe, kila mchongo utupe kivuli chake.

"Jua liko utosini," Tojiboy akasema. "Tungoje jioni?"

"Jioni kilima chenyewe kinalifunika," nikasema. Nimekaa hapo jioni nyingi. Najua kivuli kinavyokwenda. Na asubuhi ya pili ilikuwa Jumatano, siku ya katapila.

Hapo nikakumbuka kioo. Kwetu siku ya harusi bwana na bibi huketishwa chini ya shela, wakatazamana kwa mara ya kwanza kiooni. Changu nilikuwa nacho sandukuni, nimekifunga kwa hariri tangu Yo'ldosh aondoke. Nikaenda nikakileta.

Wanaume wanne walishika pembe za mfarishi wangu juu ya jiwe, giza likaingia chini yake. Mastura akasimama juani na kioo.

"Chini kidogo," nikasema. "Kushoto. Usitikisike."

"Nimeshika harusi yako mkononi, opa, nitatikisikaje?"

Mwanga ukaingia kwa ubavu, mwembamba kama uzi, ukalala juu ya jiwe. Herufi zikainuka. Tojiboy akainua simu. Tukapiga kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka chini. Urefu juu ya udongo sentimita arobaini na mbili, upana ishirini na sita, unene kumi na tisa, herufi ndefu kuliko zote nne na nusu. Mwanzoni mwa mstari wa kwanza, kabla ya kaf yangu, kivuli cha herufi nyingine kikaonekana, iliyoliwa nusu.

Tukatuma. Tukangoja. Chai ikapoa kwenye piala, bakuli zetu ndogo za chai, bila kuguswa.

Simu ilipoita, Tojiboy alinipa mimi.

"Opa, kaf yako ni dhal, katika mwandiko huu hufanana. Lam yako ni alif. Na ile iliyoliwa ni ha. Hadha, yaani 'hili'. Neno linalofuata ni qabr. Hili ni kaburi la Hamida binti Is'hoq. Mwaka ni mia tano na ushei za hijria. Kama ni sabini au tisini, bila nukta siwezi kuapa, na sitaandika nisichokiona. Lakini kaburi ni kaburi, na limesimama mahali pake. Barua naiandika sasa."

Jumatano katapila lilifika, likazima injini chini ya kilima. Mtu wa wilaya alishuka na barua mkononi na ramani mpya. Mstari wa mfereji ulikuwa umevutwa ng'ambo ya pili, kwenye mawe matupu. Aliuliza jiwe liko wapi. Nikampeleka.

Kisha nikasoma Fatiha mbili: ya Hamida kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji, halafu ya Yo'ldosh.