Pingamizi la Shemeji

Leseni yangu ya uchimbaji mdogo ilikufa nikiwa kitandani, mguu umefungwa plasta nzito hata paka wa nyumbani akaanza kunolea kucha, akidhani ni ukuta. Niliposimama, siku arobaini zilikuwa zimepita. Kanuni humruhusu aliyechelewa kuomba ndani ya siku tisini, mradi aeleze sababu na athibitishe kwamba alifuata masharti. Siku ya hamsini nikapeleka barua na viambatisho vyake.

Nikakuta pingamizi limenitangulia. Limeandikwa na shemeji, mume wa dada yangu: "Shimo lilitelekezwa mwaka mzima kabla ya leseni kuisha. Naomba eneo nipewe mimi."

Sikugombana naye. Nilimkaribisha chakula, nikamwongezea mchuzi. Hasira yangu huwa naipika kwa moto mdogo.

Wiki iliyofuata ofisa wa madini, mama mwenye miwani kipajini, akatuita wote wawili.

"Cheti cha hospitali kipo," akasema. "Ripoti za uzalishaji za robo zote nne, zipo. Mzee, tangu leseni iishe umechimba?"

"Hata kokoto. Yupo mlinzi na pampu ya maji tu, shimo lisifurike."

"Shemeji yako anasema ripoti umezitunga mezani."

Shemeji akajikohoza. "Mzee wetu ana kipaji cha hadithi, mama. Mtaa mzima unajua."

Hapo hakusema uongo. "Ndiyo maana sitegemei maneno yangu," nikajibu. "Mama, fungua kiambatisho cha sita."

Kilikuwa nakala ya daftari la shimo. Kwangu hashuki mtu, hata awe mkaguzi, bila kuandika kwa mkono wake jina, saa, namba ya kofia na shughuli iliyomleta.

Kidole cha ofisa kikateremka ukurasani, kikasimama. Akamgeuzia shemeji karatasi. "Hii ni miezi mitatu kabla ya leseni kuisha. Sahihi ni yako?"

"Inafanana."

"Ulisema ulikwenda kufanya nini?"

"Soma kwa sauti, shemeji," nikamwambia. "Mguu umepona, masikio bado."

Akasoma kama anayemeza mfupa: "Kuona kazi inavyoendelea."

Ofisa akavua miwani. "Pingamizi halina mguu. Mzee, ukilipa faini ya kuchelewa, leseni inahuishwa. Sasa, aliondoe mwenyewe yaishe, au niandike uamuzi? Nikiandika, uongo huu unaingia kwenye faili lake, na hapati eneo kwenye ofisi hii miaka mitano."

"Shemeji," akaninong'oneza, "mfikirie dada yako."

Nikamfikiria. Nikamfikiria na huyu mumewe pia, alivyokaa ukingoni mwa kitanda changu cha hospitali akinimenyea chungwa, akiuliza kwa upole leseni inaisha lini.

"Andika, mama," nikasema. "Na nakala naomba mbili. Moja ni ya dada."