Zawadi ya Kisilu

Mimi huwa sipendi kuitwa fundi mwanamke. Niite fundi, basi. Lakini ile Jumatatu, Mama Peres alisimama katikati ya gereji yangu hapa Kabiria, mbele ya wateja watatu, akaniita kitu kibaya zaidi.

"Valarie, wewe si fundi! Hii gari umeitengeneza mara mbili na leo imenizimikia tena Hurlingham, chakula ndani!"

Mama Peres hupikia maofisi ya barabara ya Argwings Kodhek, huko Hurlingham, chakula cha mchana. Vanu yake ya dizeli ilitoka Japani, na ina filta kwenye ekzosi inayonasa masizi kabla moshi haujatoka nje. Filta ikiziba, taa inawaka na injini inakosa nguvu, unatambaa barabarani huku bodaboda wakikupigia honi.

"Meneja amesema nikichelewa tena mara moja, kwisha," akaendelea. "Na Jumamosi kwenye chama nitawaambia wamama wote wasilete gari kwako."

Theluthi mbili ya wateja wangu ni wa hicho chama cha kuweka akiba. Nikamwambia, "Mama, nipe mpaka Ijumaa. Nisipopata shida iko wapi, mimi mwenyewe nitasimama kwenye chama niseme sijui kazi."

Akaenda zake bila kuaga. Nikabaki nimeshika spana nikijiuliza ni nani aliyenituma kusema maneno makubwa namna hiyo.

Nilipima kila kitu. Sensa ziko sawa. Oili iko sawa. Filta imejaa masizi tena, na nilikuwa nimeiosha wiki tatu tu zilizopita! Ndipo nikafanya kitu ambacho, haki ya Mungu, ningepaswa kufanya siku ya kwanza: nikachota dizeli kutoka kwa tangi nikaiweka kwenye chupa. Ilikuwa kahawia. Dizeli ya petroli stesheni huwa manjano hafifu.

Ahaa! Nikajua ni stesheni. Nikaenda mbio kule Mama Peres anakojaza, nikamkuta mhudumu anaitwa Fidel, nikampigia kelele mpaka watu wakatoa simu wakaanza kunirekodi. Mwizi, mchafuzi, nilisema yote. Fidel akanisikiliza, akachukua chupa safi, akaijaza kutoka pampu mbele ya macho yangu.

"Madam, peleka zote mbili zipimwe," akasema. "Halafu ukirudi, ukuje na sauti ndogo."

Nilizipeleka kwa Mbaluka, aliyesoma nami chuo na sasa anapima mafuta kwenye maabara moja mjini. Jumatano akanipigia, anacheka.

"Ile ya pampu ina salfa sehemu thelathini na nane katika kila milioni. Sheria inataka isizidi hamsini. Ile ya tangi ina mia nane sabini. Val, huyo mama anajaza nini?"

Salfa yenyewe kuiona kwa macho huwezi, lakini mafuta yakiungua, inaungana na hewa na kuwa gesi ya salfa dayoksaidi, ile inayokuchoma pua ukiwasha kibiriti. Ndani ya ekzosi kuna madini yanayosaidia masizi kuungua yenyewe. Salfa hukaa juu ya hayo madini na kuyafunika, na masizi yanabaki pale yalipo. Ningeosha filta mpaka Krismasi, ingeziba tena.

Kwa hivyo Fidel hakuwa na kosa. Nilienda kumwomba msamaha, kwa sauti ndogo. Akaniambia nimsalimie mwizi nikimpata.

Alhamisi jioni nikaenda nyumbani kwa Mama Peres. Nilimkuta jikoni, mlango umefungwa, anapepeta mchele kwa giza.

"Mama, mbona unajificha?"

"Shh! Mkwe yuko sebuleni."

Kwao magharibi mwa Kenya, mama mkwe na mkwe hawakutani hivi hivi. Hawali meza moja, hawabishani, na kitu alicholeta mkwe hakikataliwi. Mkwe mwenyewe ni Kisilu, Mkamba mpole aliyeoa Ivyne, binti ya Mama Peres, na huendesha boila, ule mtambo wa kuchemsha maji, huko Dagoretti, kwenye kichinjio. Nilimkuta ameketi wima kwenye kochi, na miguuni pake mtungi wa lita tano.

Nikaufungua. Kahawia.

"Kisilu, hii ni nini?"

"Dizeli ya boila," akasema kwa fahari. "Tunaondoa boila ya zamani, bosi akasema tugawane yaliyobaki. Wengine humletea mama mkwe sukari. Mimi nikaona, kwa nini nisimsaidie na gari? Kila Alhamisi namletea."

Hasira yote ikaniishia. Angekuwa mkora ningejua la kufanya. Nikaketi karibu naye.

"Kisilu, paa la hapo kwenu kazini, upande ule moshi unakoelekea, likoje?"

Akashtuka. "Limeoza. Tumebadilisha mabati mara mbili. Upande mwingine ni yale yale ya kwanza, na bado ni kama mapya."

"Ni salfa. Moshi wa hayo mafuta ukikutana na ukungu na mvua, unageuka asidi. Inakula bati. Hewani ikisafiri inanyesha mbali, kwa shamba la mtu ambaye hata hamjui. Ndio maana dizeli ya magari husafishwa salfa. Lita tano za boila zinaharibu tangi zima."

Kisilu akautazama ule mtungi. "Kwa hivyo ni mimi ninayemharibia mama kazi?"

Kutoka jikoni hapakuwa na sauti hata ya mchele. Nikaenda huko nikafunga mlango nyuma yangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Moshi ulinuka tofauti tangu mara ya kwanza aliponiletea. Lakini Val, ningemwambia nani? Yeye ni mkwe! Mtoto wa watu amekuja na moyo safi."

"Kwa hivyo ukaona heri uniite mimi si fundi."

Akaweka ungo chini. Akapita kando yangu, akafungua mlango wa sebuleni kidogo tu, akaongea akiwa ameupa mlango mgongo.

"Mkwe wangu, asante. Umenipenda sana. Lakini hiyo peleka wapi sijui, usimwage chini. Mimi niletee sukari."

Kisilu akaruka kusimama. "Ndiyo, mama!" Halafu akaanza kucheka na kulia pamoja, na huku nyuma ya mlango Mama Peres naye akicheka mpaka leso ikaanguka.

Ijumaa alfajiri nilimwaga tangi lote kwenye pipa, nikalihifadhi kwa wale wanaokusanya mafuta machafu. Nikajaza dizeli ya Fidel, nikaipiga vanu mbio kwenye barabara ya Southern Bypass ili joto la ekzosi liunguze ile salfa na masizi. Karibu na Ngong Road taa ikazima. Nilipiga yowe peke yangu ndani ya gari kama mwendawazimu. Saa sita na robo kuku alikuwa mezani Hurlingham.

Jumamosi nilienda kwenye chama nimejipanga kusema kwamba shida nimeipata, basi, bila kutaja mkwe wa mtu. Sikupata nafasi. Mama Peres alisimama kabla hata ya maombi.

"Wamama, gari ilisumbua kwa sababu yangu," akasema. "Nilijua mafuta ni mabaya nikanyamaza, nikamtupia fundi lawama kwa sababu ilikuwa rahisi. Valarie, nisamehe."

Alisema *fundi*, basi, na hakuongeza kitu.