Filamu ya Kuliza Katika Wadi ya Watoto Njiti

Wapiga video wenzake walimbandika jina la Mtaalamu, na lilianza kama utani. Kosa lao ni moja tu: utani ulipokwisha hawakumwambia. Yeye akaendelea kuitika, tena kwa shingo iliyonyooka, na mwisho akaliandika ubavuni mwa begi lake la kamera.

Mtaalamu alikuwa na msimamo kuhusu wateja. Kumuuliza mteja maswali mengi, alisema, ni kama fundi cherehani kumuuliza mtu mkono wa shati unakaa wapi. Kwamba fundi cherehani mzuri humpima mteja wake kila mahali kabla ya kugusa mkasi, hilo halikupata kumpitia akilini.

Kazi ya hospitali aliipata kwa mdomo wa dada yake, muuguzi katika wadi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Dada mtu alikuwa amemsifia kwa Matroni, msimamizi wa wadi, mpaka ukadhani hapakuwa na mpiga video mwingine duniani. Siku ya kuonana, watatu hao wakaketi katika ofisi iliyojaa maboksi ya glavu, na Matroni, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akaanza kueleza.

"Mwanangu, tunataka video ya hawa watoto wetu, jinsi wanavyobebwa kifuani. Watu waone, waelewe. Sasa pale wadini kuna televisheni, lakini kuna jambo moja kuhusu—"

"Usijali, Mama," Mtaalamu akamkata. "Niachie mimi. Kazi hii naijua kama kiganja cha mkono wangu."

Matroni alibaki mdomo wazi kidogo, kisha akaufunga. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu nyingine huponza.

"Muulize vizuri," dada yake akamnong'oneza. "Itatazamwa na nani, muulize."

"Dada, wewe shika sindano zako, mimi nishike kamera yangu."

Cha kuuliza kilikuwa wapi? Hospitali, vitoto vidogo, mashine: hiyo ni filamu ya wafadhili, kila mtu anajua. Wageni wenye suti wataketi ukumbini, taa zitazimwa, watalia, watachangia. Mtaalamu alikuwa ameziona nyingi za namna hiyo, na siku zote alikuwa akisema moyoni, ningepewa mimi wangeona.

Akapewa. Na tusimnyime haki yake, alipiga picha nzuri mno. Aliomba ruhusa kwa kila mama, alinawa mikono mpaka viwikoni, alitembea kwa kunyata. Alipiga picha mipira myembamba iliyoingia puani mwa vichanga, alipiga taa nyekundu za mashine zikiwaka na kuzimika, alipiga chozi la mama mmoja likiteremka hadi kidevuni. Dada yake alipoonyesha namna ya kumweka mtoto, akiwa na nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, halafu kitambaa kinafungwa kwa kukaza mpaka chini ya sikio, Mtaalamu alimpiga picha kutoka mgongoni. Mwanga wa dirisha ulikuwa unapendeza upande huo. Mikono ya dada yake haikuonekana hata kidole.

Alipohariri aliweka kinanda cha majonzi, na msimulizi mwenye sauti nzito iliyojaa maneno ya vitabuni. Picha ya mwisho ilikuwa kiganja cha mtoto wa kitanda cha dirishani, kikijikunja polepole, na giza likiingia kutoka pembeni taratibu mpaka kiganja kikatoweka. Kimya. Mtaalamu alipoitazama kwa mara ya kwanza alilia mwenyewe, akajipongeza.

Siku ya kuionyesha alivaa koti. Alipofika wadini alikuta kina mama wameketi kwenye viti vyao vya kuegemea, watoto wamefungwa vifuani, macho yote kwenye televisheni ndogo ukutani.

"Wageni wako wapi?" akamuuliza dada yake.

"Wageni gani?"

Alichomeka flashi, televisheni ikatafuta, ikatafuta, ikasema haisomi faili hilo. Ilikuwa televisheni ya zamani na faili lilikuwa kubwa kupita kiasi. Ikabidi atoe kompyuta yake na kuhangaika na waya mbele ya watu, koti limembana makwapani. Hatimaye picha ikatokea, kinanda kikalia, na Matroni akainuka papo hapo kuzima sauti.

"Humu hatuweki sauti, mwanangu. Watoto wamelala. Ndilo jambo nililotaka kukwambia siku ile."

Basi ikaenda bila sauti. Na filamu ile, ukishaiondolea kinanda na msimulizi, ikabaki na nini? Mipira puani. Taa nyekundu. Mama analia. Chini kulikuwa na maandishi madogo ambayo mtu wa mstari wa nyuma asingeyasoma hata kwa miwani, na mle ndani walikuwamo wasiojua kusoma kabisa. Dakika zilipita. Mama mmoja akapiga miayo. Mwingine, aliyefikiwa na muda wa kukamua maziwa, akaondoka kwa kuinama, kama anayeomba radhi. Mtaalamu alisimama kando ya kompyuta yake akiomba dua kila picha iishe upesi, na kila picha, kwa kuwa aliipenda alipokuwa akihariri, ilikaa.

Kwenye kiti cha karibu na mlango alikuwa ameketi mama kijana ambaye asubuhi hiyo hiyo, baada ya kubembelezwa sana na dada yake Mtaalamu, alikubali kwa mara ya kwanza kufungiwa mtoto wake kifuani. Kabla ya hapo alikuwa akimwangalia tu kupitia kioo cha kisanduku chenye joto. Sasa alikaa kama mtu aliyebebeshwa mayai, hata kupumua alikuwa akipumua kwa hesabu.

Kiganja kikatokea. Giza likakizingira, likakimeza. Televisheni ikawa nyeusi.

Mama yule alianza kufungua kitambaa. Fundo likamshinda.

"Mchukue," alimwambia dada yake Mtaalamu. "Mrudishe kwenye kisanduku chake. Mimi nitamuua."

Dada yake alimpokea mtoto, akamfunika, akamrudisha. Alipopita mbele ya mdogo wake hakumtazama. Mtaalamu aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na koti lake. Alikunja waya ule ule mara mbili, tatu, kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi.

Dada yake alimkuta kwenye korido.

"Nilikuombea kazi hii kwa mdomo wangu," alisema. "Hawa kina mama wanaogopa kuwashika watoto wao. Wanadhani watavunjika. Video ilikuwa ya kuwatoa hofu, mdogo wangu. Ya kuwatoa hofu!"

"Nilidhani ni ya wafadhili."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo lililomchoma. Alijibu swali ambalo hakuuliza, akajibu peke yake, na bado akajipigia makofi. Angeweza kuondoka, na kwa kweli miguu ilishaanza kuelekea getini. Lakini dada yake angebaki mle ndani na lile neno lake la sifa, kesho na keshokutwa, akibembeleza upya. Akageuka, akaenda kugonga mlango wa Matroni.

"Leo umekuja na masikio?" Matroni aliuliza.

"Nimekuja nayo, Mama."

Akaketi ukingoni mwa kiti. Swali la kwanza lilimtoka kwa shida, kama mtoto anayesomeshwa: ni nani hasa watakaoitazama? Matroni alimjibu bila kuficha. Kina mama wa wadini, wengine hawasomi, wengine lugha yao ni nyingine kabisa. Pia bibi na baba wa nyumbani, kwa sababu mama akiruhusiwa huendelea kumbeba mtoto hivyo hivyo, na wao humpokea akichoka. Kwa hiyo wadini itakuwa ya ukutani, bila sauti, na ya nyumbani itakuwa ya simu, nyepesi, isiyomaliza bando la mtu.

"Ya simu iwe na sauti?"

"Ya simu iwe nayo. Lakini asiyesikia aelewe pia."

Akauliza urefu. Matroni akacheka kidogo. "Ile yako ningeweza kujifungua nikamaliza. Mama anatakiwa afuate kwa mikono yake. Iwe fupi, ikiisha ianze tena yenyewe, aliyepitwa asubiri kidogo tu."

Na iongee namna gani? Kama dada yako anavyoongea nao, Matroni alisema, taratibu, na asilie mtu. Akauliza nani ataikagua kabla haijawekwa. Akaambiwa Matroni na dada yake, wawili hao tu, si kamati. Akaomba aje kujaribu kipande kifupi kwenye televisheni ile kabla ya kuhariri chochote. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuona haya, kwa maana kila jibu lilikuwa jepesi, lilikuwepo tangu siku ile, lilikuwa limekaa mdomoni mwa Matroni pale alipomkata.

"Mzazi akimaliza kuitazama," aliuliza, "unataka afanye nini?"

"Afungue blauzi yake, amweke mtoto. Basi."

"Na kinachomtisha hasa ni nini?"

Matroni alifikiri. "Hilo mimi nabahatisha. Nenda kamuulize mwenyewe, yule aliyemrudisha mtoto."

Mtaalamu alivua koti, akanawa mikono, akaingia wadini bila kamera. Mama kijana alikuwa amesimama mbele ya kisanduku, kiganja kimegusa kioo. Mtaalamu alisimama mbali kidogo, kama inavyostahili.

"Shikamoo" haikufaa, huyu alikuwa mdogo kwake, "pole" ilimkwama. "Dada yangu," akasema mwishowe, "mimi ndiye niliyetengeneza ile video. Naomba kukuuliza. Nini kilikutisha?"

Mama yule hakugeuka.

"Yule mtoto wa mwisho," alisema. "Alikufa?"

"Hapana! Hajafa. Yule pale, kitanda cha dirishani. Ameongezeka uzito, wanaruhusiwa karibuni."

Alitazama alikoonyeshwa. Kwenye kiti cha dirishani mama mwingine alikuwa akisinzia, na juu ya kifua chake kofia ndogo ilikuwa ikipanda na kushuka. Mama kijana aliitazama kofia ile kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Mtaalamu, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo, alitaka tu kuelewa.

"Sasa kama ni mzima, mbona ulimfunika na giza?"

Jibu alikuwa nalo. Jibu lilikuwa kwamba picha ilipendeza hivyo.