Fimbo ya Kupimia Tangi

Mimi ni fundi wa matangi, na hasira zangu zinajulikana. Mteja akiniambia "nijengee tu tangi kubwa," namuuliza: kubwa la kujaza nini, mate yako? Tangi halitengenezi maji. Paa ndilo linaloleta maji, na tangi linayatunza tu.

Kwa hiyo dada yangu aliponiita nikamjengee, baada ya kisima chao kukauka, nilikwenda na mafundi wangu, nikafanya kazi kama ya mteja yeyote. Nilipima nyumba chini, penye matone ya ukingo wa bati, sikupima mteremko wa paa, maana mvua haijali mteremko. Mita tisa kwa sita, mita za mraba hamsini na nne. Mvua ya pale ni milimita mia sita na hamsini kwa mwaka. Kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na sehemu moja kati ya tano inapotea kwa kuruka, kukauka na kumwagika mifereji ikizidiwa. Ukitoa hiyo, unabaki na lita elfu ishirini na nane kwa mwaka.

"Na nyinyi mnatumia kiasi gani?" nilimuuliza.

Dada alikuwa akianika shuka. Hakugeuka. "Kama watu wengine. Tuko watano."

Watano: yeye, shemeji, binti zao wawili wadogo, na mama yetu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza kitandani mwaka wa pili. Nikaweka lita kumi na tano kwa kila mtu. Sabini na tano kwa siku, elfu ishirini na saba na kidogo kwa mwaka. Ilitosha, lakini kwa kubana sana. Kiangazi chao ni siku mia na ishirini, yaani lita elfu tisa. Nikajenga tangi la elfu kumi, la mduara, chini ya dirisha la mama. Kila sentimita ya kina chake ni lita hamsini hivi. Nikachonga fimbo, nikaitia alama, nikamwambia dada, "Kila siku maji yashuke sentimita moja na nusu. Yakizidi, niite."

Mama alitusikia kupitia dirisha. Alikuwa mwalimu wa hesabu miaka thelathini, na mimi jedwali la kuzidisha nililijua kwa rula yake mgongoni. "Umeacha nafasi ndogo sana," alisema kwa ulimi wake mzito.

"Mama, paa ni dogo. Nifanyeje, nilivute?"

Akacheka upande mmoja wa mdomo.

Mvua zilijaza tangi hadi juu. Wiki tatu za kiangazi zilipopita, nilikwenda Jumamosi na baiskeli yangu, nikachovya fimbo. Maji yalipaswa kushuka sentimita thelathini na mbili. Yalikuwa yameshuka hamsini na mbili.

Damu ilinichemka. Nilidhani nimejenga tangi linalovuja, na hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwa fundi. Nikawaambia wajaze ndoo za kutosha, nikafunga bomba, nikaweka alama kwa chaki. Kesho yake saa zile zile nikachovya tena. Maji yalikuwa palepale pa chaki. Tangi lilikuwa zima.

"Basi nani anakunywa?" nilimfokea dada uani. "Unawagawia majirani? Unamwagilia maua? Sema! Hesabu yangu haina kosa!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Lita hamsini kila siku zinakwenda wapi?"

Dada alinishika mkono akanivuta hadi kwenye kamba. Shuka nne zilikuwa zinaning'inia, na kanga, na kipande cha turubai cha kitandani. "Hapa," alisema. "Zinakwenda hapa. Mama anajilowesha. Mara nne, mara tano kwa siku. Nisimfulie? Nimwache anuke? Siku ile uliponiuliza, ulitaka niseme mbele ya mafundi wako kwamba mama yetu, mwalimu wa nusu ya mji huu, anafuliwa kama kichanga?"

Jamani. Nilikuwa nimeziona shuka zile kwa macho yangu siku ya kupima, na sikuuliza. Miaka ishirini ya ufundi, na mama yangu mzazi nilimwandika lita kumi na tano, kama mtu anayekwenda kazini.

Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, nikapiga hesabu upya, kwa sauti, kama kawaida yangu. Lita mia na ishirini na tano kwa siku. Tangi litakauka siku arobaini kabla ya mvua.

"Jenga jingine basi," alisema dada.

"La kujaza nini? Kwa mwaka mnahitaji elfu arobaini na tano. Paa linatoa ishirini na nane. Hata nijenge tangi la ukubwa wa nyumba hii, litabaki na nafasi tupu. Mnahitaji paa la mita themanini na nane, nanyi mna hamsini na nne."

Hatukuwa na mabati, wala mahali pa kuyaezeka. Kwenda na kurudi kwenye bomba la umma kulikuwa saa mbili kwa ndoo moja, na mama hakuweza kuachwa peke yake. Shemeji alitoka alfajiri, akarudi giza likiingia. Mimi nikaahidi madumu matatu kila Jumamosi kwenye baiskeli. Lita sitini, matumizi ya nusu siku. Tulikuwa tumekwama, na wote wawili tulijua.

Dirisha lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. Sikulikumbuka.

Jumamosi iliyofuata fimbo ilionyesha sentimita kumi na tano kwa wiki, badala ya kumi na saba na nusu. Nikasema labda dada anabana. Iliyofuata, kumi na moja. Nilipiga kelele za furaha pale uani kama mwendawazimu! Nikahesabu mara mbili: kwa mwendo ule tulipungukiwa siku saba tu, na siku saba nitazibeba mgongoni. Nikakimbilia ndani.

"Mama! Tunafika mvua!"

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Macho yameingia ndani. "Nilijua utaona kwenye fimbo," alisema.

Kikombe chake kilikuwa kando, kimejaa hadi ukingoni. Mjukuu mdogo alikuja kukichukua. "Bibi anatuambia tukirudishe kwenye ndoo," alisema. "Anasema tusimwambie mama."

Dada, mlangoni, alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena. Nilipiga magoti, nikamwekea kikombe mdomoni. "Kunywa, mama. Nakuomba. Nilikosea hesabu mimi, si wewe."

"Hesabu ya pili ilikuwa sahihi," alisema. Akafunga mdomo.

Tulimbembeleza, tukamlowesha midomo kwa kitambaa, tukamwita mganga wa zahanati akaja na dripu. Figo zilikuwa zimeshachoka. Alifariki Jumatano, akiwa mkavu, kwenye shuka safi.

Waombolezaji walikuja na maji yao. Baada ya hapo kamba ya uani ilibaki tupu, na wanne waliosalia wakatumia lita sitini kwa siku, bila kubana, bila kukosa.

Mvua ya kwanza ilipopiga bati nilikuwa pale. Nilichovya fimbo kabla maji mapya hayajaingia. Zilikuwa zimebaki sentimita kumi na sita, karibu lita mia nane. Zilikuwa zake.